Ripoti ya mistari mitatu

Ndugu madereva na makondakta, ripoti yangu ya kwanza ya usiku ule ilisema hivi: "Gari liliishiwa upepo ndani ya hifadhi ya Mikumi. Fundi alichelewa. Abiria mmoja aliumia mkono." Hakuna uongo hapo. Lakini hata kwenye simu nilianza na gari, mtu nikamweka mwisho.

Tulitoka Dar kwenda Mbeya. Kondakta alishaita, "Wa Mikumi jiandaeni!", na mama mmoja akasimama kushusha begi lake. Saa 1:40 usiku kengele ya upepo ikalia. Mshale ulikuwa kwenye 5, na kawaida gari lile hutembea na 8. Nikajipa moyo kwamba mjini si mbali, nikaendelea. Breki za nyuma mnazijua: upepo ndio unaozuia springi zisibane. Upepo ukishuka, springi hubana zenyewe, hazisubiri mguu wako. Tairi za nyuma zikashika, yule mama akaangukia ngazi ya mlango. Mkono ukavimba juu ya kiganja papo hapo.

Nikapiga simu Morogoro: "Gari halina upepo." Fundi akaelewa kompresa imekufa, akahangaika kuitafuta, akafika nayo saa 5:20. Kumbe kompresa ilikuwa nzima. Ningeacha injini ingurume dakika chache nikiangalia geji, ningejua. Mshale ulikuwa unapanda hadi 4 kisha unagoma, na nyuma kushoto kulikuwa na mlio wa ssss. Kompresa ikifa mshale haupandi kabisa. Ukipanda ukagoma, tafuta panapovuja. Mpira wa upepo unaoingia kwenye chemba ya breki ulisuguliwa na fremu hadi ukapasuka, ufa wa urefu wa ukucha. Fundi hakuwa na mpira. Mpira wenyewe ulifika saa 8 usiku.

Na mama? Ofisini walisikia gari bovu, hawakusikia majeruhi, kwa hiyo hakuna aliyemtafutia usafiri. Kushuka watembee haiwezekani, mle ni hifadhini; kwenye taa tuliona nyati wamesimama kando ya lami. Tulimfunga mkono kwa kadibodi ya boksi la biskuti na kanga yake mwenyewe. Saa 3:15 gari dogo likakubali kumchukua pamoja na kondakta, wakapitia polisi kuchukua PF3, ndipo hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika.

Ripoti niliyoiandika upya inaanza hivi: "Saa 1:40 usiku, abiria mwanamke aliyekuwa amesimama aliangukia ngazi, mkono wa kulia umevimba, anahitaji gari sasa." Kisha mahali, kisha geji ilisoma ngapi na mlio ulitokea wapi. Mstari wa mwisho ulinichukua siku mbili kuuandika: "Kengele ililia nikaendelea kuendesha kama kilomita moja."