Koo Linapokereketa Msimu wa Vumbi: Kitambaa na Maji Vinaweza Nini

Mhadhara kwa waendeshaji bodaboda na wauzaji wa kando ya barabara, Njiru, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioegesha pikipiki nje mkaja kunisikiliza, hamjambo. Mimi ni tabibu, na kila mwaka upepo wa kaskazi unapokauka mwezi wa Januari na Februari, chumba changu hujaa watu wenye malalamiko yaleyale: koo linakereketa kama limepakwa mchanga, kikohozi ni kikavu, na usiku usingizi unakatikakatika. Wengi wao wamekwisha kununua dawa dukani, na baadhi wamemeza antibiotiki ambazo haziwezi kufanya lolote, kwa sababu vumbi si kijidudu. Leo nataka tuzungumzie vitu viwili ambavyo karibu kila mmoja wenu anavyo, yaani kitambaa na maji, kwa maana nimeona vikitumiwa kwa namna inayosaidia, na pia kwa namna inayozidisha shida.

Tuanze na pua, kwa sababu pua ndiyo barakoa ya kwanza. Hewa inapopita puani hupashwa joto na kutiwa unyevu kabla haijafika kifuani, na chembe kubwa za vumbi hunaswa na vinyweleo na ute. Chini zaidi, ndani ya njia ya hewa, kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupiga kama makasia na kuusukuma ute uliobeba uchafu juu hadi kooni, tukaumeza au kuutema bila hata kufikiri. Kazi hiyo yote inategemea unyevu. Hewa ya kiangazi ikiwa kavu, pua hulazimika kutoa maji mengi zaidi kutoka katika ngozi yake laini, ute hugeuka mzito, na yale makasia hukwama. Mtu akianza kupumua kwa mdomo, kama afanyavyo anayepiga kelele kuita wateja au anayepanda kilima na mzigo, hewa kavu yenye vumbi hulipiga koo moja kwa moja bila kupitia kichujio chochote. Mkereketo mnaousikia jioni huanzia hapo.

Sasa kitambaa. Vumbi linaloinuka kwenye barabara ya maramu huwa na chembe za kila ukubwa. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Chembe zinazozidi maikromita 10 hukwama zaidi puani na kooni, na hizo ndizo zinazokereketa. Zile zilizo chini ya maikromita 2.5 huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu. Kitambaa kilichofumwa vizuri huzuia sehemu kubwa ya zile kubwa, lakini kwa zile ndogo kabisa uwezo wake ni mdogo, na moshi wa gari au wa taka zinazochomwa hupita kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo anayekata mawe kwenye machimbo asijidanganye kwamba leso inamtosha. Vumbi la mawe lina chembe ndogo zinazotia makovu kwenye mapafu, na yeye anahitaji barakoa maalumu ya kuchuja, ya aina ya N95 au FFP2, pamoja na maji ya kulowesha jiwe wakati wa kukata.

Kitambaa kina faida nyingine ambayo watu hawaizungumzii. Unapotoa pumzi, unyevu wako hubaki kwenye nyuzi zake, na unapovuta pumzi inayofuata, sehemu ya unyevu huo hukurudia. Hivyo kitambaa hakizuii vumbi tu, bali pia hulikinga koo lisikauke. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini wengine hupata nafuu hata kwa kitambaa cha kawaida, na pia kwa nini kitambaa kilicholowa kupita kiasi huacha kufaa.

Nitawaeleza habari za kijana mmoja mwendeshaji bodaboda aliyeniruhusu nizitaje bila jina lake. Alikuja akiwa na kikohozi cha majuma matatu. Kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimepita majuma mawili, jambo la kwanza lilikuwa kumpima makohozi ili tuhakikishe si kifua kikuu, na majibu yalionyesha kwamba hakuwa nacho. Hakuwa na homa, hakuwa amekonda, kifua chake kilisikika safi, lakini ukuta wa nyuma wa koo lake ulikuwa mwekundu na wenye vijipele vidogovidogo. Nilipomuuliza kikohozi kilimzidi lini, alisema jioni za siku za kazi, na kwamba Jumapili, siku asiyoendesha, kilipungua. Mabadiliko hayo ya siku ya mapumziko yalinielekeza kwenye vumbi kuliko jibu lingine lolote alilonipa.

Nilimwomba aje akiwa na kile anachojifunika. Alileta skafu ya nyuzi za manyoya bandia, laini na yenye joto, lakini nilipoiinua dhidi ya dirisha niliona mwanga ukipenya kila mahali. Zaidi ya hayo, saa sita mchana alikuwa akiimwagia maji, kwa kuamini kwamba vumbi lingenasa. Ni kweli kwamba vumbi kubwa hunasa kwenye nyuzi zenye maji. Lakini kitambaa kinachochuruzika maji hufunga vitundu vyake, pumzi hushindwa kupita katikati, na hewa hutafuta njia pembeni mwa pua na mashavu. Ushahidi ulikuwa usoni pake: michirizi miwili ya vumbi jekundu iliyoshuka kutoka kwenye pua. Nawaomba ninyi pia mjiangalie kwenye kioo cha pikipiki jioni hii. Mkiona michirizi hiyo, barakoa yenu inavuja pembeni, hata kama kitambaa chenyewe ni kizuri.

Tulimshonea barakoa ya tabaka tatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tabaka tatu mwezi Juni 2020, wakati wa korona: pamba ndani, kitambaa kisichofumwa cha polipropilini katikati, na nje poliesta au mchanganyiko wake. Mwongozo ule ulihusu matone ya kikohozi, lakini mpangilio huo unafaa hata kwa vumbi. Asiyepata kile cha katikati atumie marikani au shuka ya pamba iliyofumwa kwa karibu, tabaka mbili au tatu, mradi aweze kupumua bila kuhema. Tuliweka kijiwaya kifupi juu ya pua ili kibanwe kulingana na umbo lake, na kamba mbili za kufunga nyuma ya kichwa badala ya zile za masikio, kwa sababu chini ya helmeti kamba za masikio hulegea. Kila siku alibeba barakoa mbili kwenye mfuko safi, akabadilisha adhuhuri au mara ile ya kwanza ilipolowa jasho.

Kuhusu kufua, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa mwaka 2019 uliangalia barakoa za kitambaa kwa hadubini, na ukaonyesha kwamba kufikia mara ya nne ya kufuliwa na kukaushwa, uwezo wao wa kuzuia chembe ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, kwa sababu vitundu vya kitambaa hutanuka. Kwa hiyo ifueni kwa sabuni na maji moto, lakini msiikamue kwa kuisokota wala kuivuta ikiwa mbichi, na kila juma iinueni dhidi ya jua. Ikianza kupitisha mwanga kuliko ilivyokuwa mpya, ipumzisheni.

Tukija kwenye maji, lazima niondoe dhana moja. Maji unayokunywa hayasafishi mapafu, kwa sababu yanapita kwenye umio kuelekea tumboni. Yanachofanya ni kusafisha koo yanapopita, na kuupa mwili unyevu unaohitajika kuweka ute mwepesi ili yale makasia yafanye kazi. Ndiyo maana kunywa lita moja kwa mkupuo jioni hakufidii siku nzima ya ukavu. Kunywa mafunda machache kila nusu saa au zaidi kidogo, mpaka mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu. Najua kwa nini akina mama wengi wa vibandani hawanywi: choo kiko mbali au kinalipiwa, na biashara haiwezi kuachwa. Huo ni ugumu wa kweli, nami siuchukulii kuwa uzembe wenu. Angalau gawanyeni, anywe mmoja huku jirani akiangalia kibanda, kisha mbadilishane. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo alichopewa na daktari wake.

Jioni yule kijana alisukutua koo kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, akayatema. Alitaka pia kuosha pua, na hapo nilimwonya: maji ya kuingiza puani hayapaswi kutoka moja kwa moja kwenye mfereji au kwa mchuuzi wa mikebe, kwani kuna kijidudu, ingawa ni nadra, kinachoweza kupanda kupitia pua hadi kwenye ubongo. Yachemsheni yatokote kwa dakika moja kamili, kisha yapoe. Kwa wenye jamaa Limuru, ambako mwinuko unazidi mita 2,000, ni dakika tatu, kwa maana huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu. Baada ya siku kumi kijana alikuwa analala usiku kucha.

Mama mmoja hapo mbele ameniuliza kuhusu mtoto anayembeba mgongoni akiuza mboga. Mama, mtoto wa chini ya miaka mitano asivalishwe barakoa, na usimfunike uso kwa leso akalala humo, kwani hawezi kujiondolea kitu kinachomziba pumzi. Kwake yeye maji ndiyo yafanye kazi kabla vumbi halijainuka: nyunyiza mbele ya kibanda asubuhi kabla ya kufagia, na tena upepo unapoanza mchana, kidogo tu hadi udongo ushikane bila kuwa tope. Maji ya kuoshea mboga yanatosha. Lori linapopita, geuka ili uso wa mtoto usielekee barabara. Na ukisikia kifua chake kikitoa mluzi, au ukaona mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akashindwa kunyonya, usingoje jioni. Mlete siku hiyohiyo. Kwa mtu mzima, kukohoa damu, homa, kutokwa na jasho jingi usiku, kukonda, au kikohozi kilichopita majuma mawili ni sababu ya kuja kupimwa makohozi, hata kama barabara ya kwenu ina vumbi kiasi gani. Kipimo hicho katika hospitali za umma hakilipiwi.