Kama timu yako ni nzuri hivyo, mbona unaondoka?

Haya jamani, wa kule nyuma mnanisikia? Sawa, tuanze. Leo naongelea meseji moja tu, ile mtu anayomwandikia bosi wake kuomba kuhamia idara nyingine humohumo kazini. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi na meseji hizi zilikuwa zinapita mezani kwangu, na nyingi zilizokwama hazikukwama kwa sababu muombaji hafai, zilikwama kwa sababu aliyezisoma alifika mwisho akabaki na swali moja kichwani: kama timu yako ni nzuri hivyo, mbona unaondoka?

Hapo ndipo penye ugumu wake. Unaisifu timu na papohapo unaomba kutoka, yaani vitu viwili vinavyovutana, na watu wengi wanaviunganisha kwa neno moja, lakini. "Timu yangu ni nzuri sana na nimejifunza mengi, lakini naomba kuhamia idara nyingine ili nipate changamoto mpya." Hebu isome kama wewe ndo bosi. Ukifika kwenye lakini, sifa zote za nyuma zimeshafutika, unajua kabisa zilikuwa za kulainisha tu, halafu hiyo changamoto mpya haikuambii kitu, kwa hiyo unaanza kujitafutia sababu mwenyewe. Kagombana na nani? Nimemkosea wapi? Na ukishaanza kutafuta lazima utapata, hata kama haipo.

Nina kisa kimoja nataka nikiseme taratibu. Kuna binti alikuwa huduma kwa wateja, kazi ya kupokea simu na kujibu imeili, amekaa miaka 2 na kitu, anataka kwenda udhibiti ubora. Akaniletea rasimu yake niisome kabla hajatuma. Ilikuwa ndefu, aya tatu za shukrani, timu ni kama familia, bosi ni mlezi, mshikamano wetu ni wa pekee, halafu mwishoni kabisa mistari miwili ya ombi na sababu nne zimerundikana: anataka kukua, simu zimemchosha, ana ndoto na eneo lile, na anahisi mchango wake hauonekani. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo ya nne ndo atakayoikumbuka bosi wako, zile aya tatu zote zimekufa.

Basi nikaiweka pembeni nikamuuliza, hapo ulipo unafanya kitu gani ambacho wengine hawafanyi? Akafikiria kidogo, akasema kila Ijumaa anapanga malalamiko ya wateja kwenye jedwali. Nani alikufundisha? Supavaiza wangu, aliniambia niandike maneno ya mteja kama alivyoyasema na pembeni niweke chanzo ninachokihisi. Na jedwali linaenda wapi? Hapo akanyanyuka kwenye kiti kabisa, akasema siku moja waliona malalamiko ya vifungashio kuchanika yanajirudia, wakalinganisha namba za bechi, wakakuta karibu yote ni bidhaa zilizofungwa na zamu moja. Akawapelekea watu wa ubora, na tangu hapo wao wenyewe wanamuuliza kila wiki, jedwali liko wapi?

Mnaona? Meseji yote ilikuwa pale, na hakuna hata neno lake moja lililokuwa kwenye rasimu. Kile alichokipata kwenye timu ya sasa ndo sababu ya kuondoka, kwa hiyo sifa na sababu ni kitu kimoja, na ukiviandika kama kitu kimoja lile swali la bosi linajijibu lenyewe na neno lakini halihitajiki tena. Hii ndo aliyoituma mwishoni, nawasomea yote kwa ruhusa yake.

"Shikamoo mama, pole na kazi. Kama tulivyozungumza Jumanne, naandika kuomba kuhamia idara ya udhibiti ubora, kwenye nafasi ya mkaguzi iliyotangazwa wiki iliyopita.

Nilipoanza hapa nilikuwa napokea simu na kuijibu, basi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika maneno ya mteja kama yalivyo na kuweka chanzo pembeni, na wenzangu wa zamu ya asubuhi wamekuwa wakijaza jedwali kila siku hata simu zikiwa nyingi. Bila wao tusingejua kwamba vifungashio vinavyochanika vinatoka zamu moja.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niombe. Kwa miezi 8 nimekuwa nikipeleka jedwali ubora kila Ijumaa, na nimeona ninachokiweza zaidi ni kutafuta chanzo cha kosa. Hapa linanifikia mteja akishaumia, kule nitakuwa pale linapoanzia.

Naomba nihame baada ya wiki 6, msimu wa simu nyingi ukishapita. Ndani ya wiki hizo nitamfundisha mwenzangu mmoja kujaza na kusoma jedwali, na kesi zote zilizo wazi nitaziacha na maelezo ya maandishi. Naomba dakika 20 wiki hii tulizungumze, na ukiridhia ndipo nitapeleka ombi utumishi."

Basi, imeisha. Angalieni ombi liko wapi, liko sentensi ya kwanza baada ya salamu, hajamzungusha mtu. Bosi anayesoma imeili kwenye simu huku anaelekea kikaoni anaelewa palepale anaombwa nini, hafiki mwisho ndo ashtuke.

Sasa kuhusu sifa. Mimi nina kipimo kimoja ninachokiamini, chukua sentensi yako ya sifa uitume kichwani kwenye timu nyingine yoyote, kama inakaa vizuri tu bila kubadilisha neno basi hujasifu mtu. "Timu yenye ushirikiano" inaenda popote. "Wenzangu wa zamu ya asubuhi wamekuwa wakijaza jedwali hata simu zikiwa nyingi" haiendi kwingine, wenyewe wakisikia wanajijua. Na msisifu mpaka ikafanana na hotuba ya mazishi, jambo moja au mawili yaliyotendeka kweli yanatosha. Kumbukeni pia meseji hii haisomwi na mtu mmoja, bosi wako ataifowadi kwa bosi wa kule unakokwenda, kopi itaingia faili lako utumishi, na bosi wa kule anaisoma kwa jicho lake, anaangalia huyu anawasemaje wenzake maana kesho yeye ndo atasemwa.

Kwenye sababu, andika moja iliyoshiba. Zikiwa nne msomaji atashika ile dhaifu na atakujibu hiyo. Yule binti kweli simu zilikuwa zimemchosha, na hakudanganya kwa kutoiandika, ila angeiandika jibu lingekuwa rahisi sana, tutakupunguzia simu, na ombi limekufa hapo. Mshahara nao ni hivyohivyo, kama ni sehemu ya sababu yako uizungumzie kwenye mazungumzo ya nafasi yenyewe, na uulize mapema maana kuna sehemu ukihama kwa ngazi ileile hela haibadiliki, na sehemu nyingine unaanza tena kipindi cha majaribio. Uyajue kabla hujatuma, siyo umeshahama ndo unaanza kuuliza.

Kuna jambo hapa naomba mlishike vizuri. Kama unaondoka kwa sababu ya unyanyasaji, matusi, kuguswaguswa, kubaguliwa, usilazimishe kuisifu timu na usiyafiche mambo hayo ndani ya ombi la uhamisho. Hayo yana njia yake, unaandika lalamiko peke yake, lina tarehe, kilichotokea na walioshuhudia, unapeleka utumishi au kwa mkubwa asiyehusika. Nimeshaona mtu kaviunganisha viwili kwenye barua moja, uhamisho ukakubaliwa haraka sana na lalamiko halikuchunguzwa, kila mtu alichukulia kwamba akishahama limeisha. Aliyemuumiza akabaki palepale na wenzake wengine. Bado linaniuma.

Turudi kwenye lile neno Jumanne. Alizungumza na supavaiza kwanza ndo akaandika, na hili halirukwi. Bosi akisikia habari ya kuhama kwako kutoka idara nyingine, hata uandike vizuri vipi sifa zako zitasomeka kama unafiki. Dakika 10 za ana kwa ana, unamwambia nafikiria hivi na kwa sababu hii, nitakuandikia, basi. Na kule unakotaka kwenda ukitaka kuuliza kama kuna nafasi uliza kama swali tu, usiahidiane na mtu.

Wiki 6 nazo hazikuokotwa. Alijua msimu wa simu nyingi unaisha lini akahesabu mpaka hapo. Wewe angalia kazi yenu inabana lini, kufunga mahesabu au ukaguzi, uruke hapo, halafu uahidi makabidhiano unayoweza kuyatimiza kweli, maana bosi akisoma ombi lako anachokiona kwanza ni kiti kitupu, na ile aya ya mwisho ndo inayokijaza.

Utajuaje kama meseji imefika? Sikiliza swali la kwanza atakalokuuliza. Akikuuliza "nani atashika jedwali?" au "wiki 6 zinatosha?" ujue ameshaanza kupanga. Akikuuliza "kuna nini kimetokea?" ujue sababu yako haikuonekana, usijitetee kwa maneno mengi, mrudishie ileile sababu moja kwa mfano. Na akijibu "tutaliangalia" bila siku, subiri kama wiki moja halafu umwandikie mistari miwili, nakumbushia ombi langu la tarehe fulani, naomba tupange siku ya kulizungumza. Usiandike nisipohamishwa nitaacha kazi, labda kama kweli umejiandaa kuacha, maana anaweza kukukubalia hiyo ya pili.

Eeh, kuna dada kanyoosha mkono pale. Anauliza, na kama idara mbili hazihusiani kabisa, hakuna jedwali wala nini, yeye yuko stoo anataka uhasibu, amesoma jioni mpaka kamaliza? Swali zuri sana. Dada, siku za mitihani zamu yako alikuwa anashika nani? ... Amesema wenzake wawili walikuwa wanabadilishana, na msimamizi wao alikuwa anapanga ratiba kwa kuangalia tarehe zake za mitihani. Basi sifa yako ni hiyo, na sababu yako imo humohumo. Andika: "Nimemaliza masomo ya uhasibu kwa sababu mlinipangia zamu na wenzangu wawili wakanishikia siku za mitihani, sasa naomba kuhamia uhasibu nikayafanyie kazi hapahapa." Halafu weka tarehe, na nani utamwachia hesabu ya stoo.