Salamu Iandike kwa Mkono: Majibu ya Kuhifadhi kwa Muuza Mchele

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo wanaouza kwa simu, Mbeya mjini

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

Wengi wenu hapa mnauza mchele, na wanaouza vitenge au parachichi watayageuza haya kulingana na bidhaa yao. Nimechagua mchele kwa sababu maswali yake yanajulikana. Ukiweka picha ya gunia la mchele wa Kyela mtandaoni, kabla jua halijazama utaulizwa bei, utaulizwa mko wapi, utaulizwa mnatuma mikoani, utaulizwa kama una mawe, kisha utaombwa upunguze. Kesho ni hayo hayo. Hakuna sababu ya kuyaandika upya kila mara, na simu yenyewe inakusaidia. Kwenye WhatsApp Business, ingia Business tools, chagua Quick replies, andika jibu lako, ulipe jina fupi. Siku nyingine ukiandika alama ya mkwaju na jina hilo, kwa mfano `/bei`, jibu linashuka kwenye kisanduku cha kuandikia. Unaruhusiwa kuhifadhi majibu hadi 50. Kwa kazi yetu, manane yanatosha.

Sikilizeni neno nililosema: linashuka kwenye kisanduku. Halijaondoka. Bado una nafasi ya kuligusa kabla hujatuma, na mazungumzo yetu ya leo yote yanahusu nafasi hiyo.

Mteja hutambua jibu la kunakili kwenye salamu. Kwetu salamu ni kitu cha kupeana, na kila salamu ina itikio lake. Mteja akiandika "Shikamoo mama, mchele bado upo?" naye akapokea "Habari mpendwa mteja, karibu sana dukani kwetu", shikamoo yake imeachwa hewani. Alisubiri "marahaba" haikuja. Hata kama maelezo yanayofuata ni mazuri kiasi gani, keshajua kwamba hakuna aliyemsoma. Aliyekuandikia "mambo" anataka "poa". Aliyeandika "habari za asubuhi" anataka "nzuri" au "salama", hataki kurudishiwa habari nyingine. Hapa kwetu kuna na mtu wa Tukuyu atakayekuanza na "ugonile", na wa Iringa atakayesema "kamwene". Ukiijua lugha, mwitikie kwa lugha yake. Usiijazie kwenye jibu la watu wote, maana mteja wa Mwanza hataelewa unamwambia nini.

Kwa hiyo sharti la kwanza: jibu lililohifadhiwa lisiwe na salamu kabisa. Lianze moja kwa moja kwenye habari yenyewe. Hilo litakulazimisha uandike mstari wa kwanza kwa mkono, na mstari huo ni maneno matatu au manne tu. Lisiwe pia na "dada", "kaka" wala "mpendwa". Mwite mtu kama alivyojitambulisha au kama alivyokuita wewe.

Sasa tulitengeneze jibu la bei pamoja. Hili ndilo linalotumika kuliko yote. Bei ninazotaja ni za mfano, msije mkaniambia nimeharibu soko.

"Mchele wa Kyela kilo moja ni shilingi 2,800. Kilo JAZA ni shilingi JAZA. Nauli ya basi hadi JAZA ni shilingi JAZA, jumla JAZA. Umepepetwa na kuchambuliwa, tunaufunga kwenye mfuko wa kilo 25 au 50."

Mmeona neno JAZA kwa herufi kubwa. Nafasi tupu ukiiweka nukta au mstari, jicho linaipita, na mteja anapokea "kilo ni shilingi" pasipo namba. JAZA haipitiki kirahisi. Kabla ya kubonyeza kutuma, jicho lako litafute neno hilo moja tu.

Tuseme jioni ya Jumanne unapata ujumbe: "Habari za jioni dada. Mchele wa Kyela kilo 25 ukinifikia Dodoma ni shilingi ngapi? Nina shughuli Jumamosi." Usikimbilie mkwaju. Soma tena. Kuna mambo mawili ambayo jibu lako la kuhifadhi haliwezi kuyajua: kwamba kuna shughuli, na kwamba ni Jumamosi. Hayo ndiyo yatakayomfanya aone kwamba ametendewa yeye. Shusha jibu, jaza namba, kisha ongeza maneno yako juu na chini. Litatoka hivi:

"Nzuri, pole na maandalizi ya shughuli. Mchele wa Kyela kilo moja ni shilingi 2,800. Kilo 25 ni shilingi 70,000. Nauli ya basi hadi Dodoma ni shilingi 7,000, jumla 77,000. Umepepetwa na kuchambuliwa, tunaufunga kwenye mfuko wa kilo 25 au 50. Kwa kuwa ni shughuli, nitakupa wa msimu uliopita, haushikani ukipikwa. Nikiupakia Alhamisi asubuhi utabaki na Ijumaa nzima mkononi. Nikuandikie jina gani kwenye mzigo?"

Sehemu ya katikati imetoka kwenye simu. Mbele na nyuma umeandika wewe, na kila ulichoandika kimetoka kwenye ujumbe wake. Ule ushauri wa mchele wa zamani usiuweke kwenye jibu la kudumu. Mchele mpya unanywa maji kidogo na hushikana upesi, ndiyo maana wapishi wa shughuli huupenda wa zamani. Lakini anayetaka kilo tano za nyumbani huenda anautaka huo mpya kwa harufu yake. Na mwisho wa ujumbe kuna swali moja tu, jepesi kujibu. Ukimwuliza jina, simu, mahali na namna ya kulipa kwa pamoja, anaweka simu chini akisema atajibu baadaye.

Jibu la "mko wapi" nalo watu hulikosea. Jibu moja halitoshi, kwa sababu mtu anafika Mwanjelwa kutoka pande mbili. Hifadhi mawili: `/uyole` kwa anayetoka Tukuyu, Kyela au Iringa, ambaye atapita Nane Nane kabla ya kukufikia, na `/mbalizi` kwa anayetoka Tunduma au Vwawa. Kila moja litaje kituo cha kushukia na kitu kinachoonekana ukiwa kituoni. Kama hujui anatoka wapi, muulize kwanza.

Kuna jibu moja ambalo nataka msiliguse hata herufi: la malipo. Hili liwe limefungwa. Namba ya kulipia usiiandike kwa mkono hata siku moja, maana tarakimu moja ikikosewa hela inaingia kwa mtu mwingine. Liandike mara moja, lihakiki pamoja na mtu wa pili, ulihifadhi, na litaje jina: "Jina litakaloonekana kabla hujaweka namba ya siri ni hili, likija jingine, acha, usilipe." Mteja wa Dodoma hajawahi kukuona. Jina lile linalotokea kwenye skrini ndilo ushahidi pekee alionao.

Na hilo linanipeleka kwenye maoni ya hadharani, chini ya picha. Mtu ameandika "bei?" nawe unajibu "njoo inbox". Mwingine "bei?", "njoo inbox". Kumi na tano mfululizo. Mimi napinga sana tabia hii. Kwanza, kwa kila mmoja aliyeuliza wapo waliosoma kimya wakitaka jibu hilo hilo, nao wameondoka. Pili, mitandao yenyewe hutilia shaka akaunti inayobandika maneno yale yale mara nyingi kwa muda mfupi, na inaweza kuizuia kutoa maoni. Tatu, matapeli hufungua akaunti yenye picha yako na jina linalofanana, kisha huwajibu wateja wako "njoo inbox" kabla yako. Umewazoesha wateja maneno hayo, watayatii kwa yeyote.

Kwenye maoni taja bei hapo hapo. Jibu liwe fupi, lianze na jina la aliyeuliza, ligusie alichouliza: "Neema, kilo ni 2,800, na Njombe tunatuma pia." Namba ya malipo isikae hadharani kamwe. Kinachohamia faraghani ni jina la mpokeaji, simu yake na malipo. Maneno ya maoni, bila namba ya bei, unaweza kuyahifadhi kwenye kibodi ya simu: kwenye iPhone ni Text Replacement, kwenye Gboard ni Personal dictionary. Unaandika herufi chache, sentensi inajitokeza, popote unapoandika.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: na mteja anayelalamika, aandaliwe jibu gani? Mama, huyo asiandaliwe jibu. Aliyesema "mzigo haujafika tangu juzi" akipokea "samahani kwa usumbufu, tunashughulikia", hasira inazidi, kwa sababu ameshaisoma sentensi hiyo kwa kila aliyewahi kumkosea. Mwandikie "Nimeona, napiga simu ofisi ya basi sasa hivi", upige kweli, urudi na habari: mzigo uko wapi, nani kaupokea, ataupata saa ngapi.

Kijana kule nyuma ameuliza kuhusu ujumbe unaojituma wenyewe usiku. WhatsApp Business ina salamu ya kujituma, Greeting message, nayo huenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza au aliyekaa siku 14 bila mazungumzo nawe, hata mchana. Ya usiku ni nyingine, Away message, ambayo unaipangia ijitume saa ambazo duka limefungwa. Itumie hiyo, lakini isijifanye wewe. Iseme ukweli: "Duka limefungwa, nafungua saa 1 asubuhi na nitakujibu mwenyewe. Ukiandika kilo na mkoa, nitakuja na hesabu kamili." Asubuhi usianze na `/bei`. Anza na salamu yake ya jana usiku, ambayo bado haijaitikiwa.

Jambo la mwisho ni kuyatunza. Bei ya mchele hushuka wakati wa mavuno na kupanda ghala zikianza kukauka, na jibu la zamani halijui hivyo. Ukiuza kwa bei ya mwezi uliopita, unalipa tofauti mfukoni. Ukiipandisha baada ya kuitaja, umempoteza mteja. Ndiyo maana bei ya kilo ikae kwenye jibu moja tu kati ya hayo manane. Kila Jumatatu kabla hujafungua duka, unabadilisha mahali pamoja, unasoma na nauli za basi, kazi imekwisha. Toeni simu sasa, tuandike `/bei` ya kila mmoja.