Kristali ya saa ikigoma kuamka kwenye bodi mpya

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo tuongelee ile kristali ndogo ya saa, ya hezi 32,768, maana mwaka jana ilinikosesha usingizi. Tulitengeneza bodi kumi za kurekodi joto, chipu STM32F103, sita zikaamka na nne saa haitembei kabisa.

Kapasita tulikuwa tumezipigia hesabu. Wengi wakiona datashiti ya kristali imeandika 12.5 pF wanaweka kapasita ya 12 kila upande, na hapo wamekosea. Ile 12.5 ni mzigo wote ambao kristali inauona kati ya miguu yake miwili, na zile kapasita mbili ukizipitia kwenye graundi zimepangwa mfululizo, kwa hiyo zikilingana thamani inabaki nusu ya moja. Halafu kuna pikofaradi ambazo hukuzinunua, zinatoka kwenye pini za chipu na njia za shaba kwenye bodi, kwetu tulikadiria 3. Basi:

```
C = 2 × (CL − Cs) = 2 × (12.5 − 3) = 19 pF
```

Tukaweka 18, aina ya C0G ambayo haibadiliki na joto. Kwa upande wa masafa tulikuwa sawa kabisa, ndio maana nilichelewa kushuku hapo.

Nikaanza na programu. Kwenye chipu hii usipofungua kwanza ulinzi wa eneo la bakapu, amri ya kuwasha kristali inapuuzwa kimyakimya na utalaumu kristali bure.

```c
RCC->APB1ENR |= RCC_APB1ENR_PWREN | RCC_APB1ENR_BKPEN;
PWR->CR |= PWR_CR_DBP;
RCC->BDCR |= RCC_BDCR_LSEON;
```

Baada ya hapo unasubiri biti ya `LSERDY`, na usiwe na haraka, kristali ya saa inaweza kuchukua sekunde mbili tatu. Mimi nilisubiri nusu dakika, kimya.

Sasa mkono unakwenda kwenye skopu, na hapa naomba mnisikilize vizuri: usiguse mguu wa kristali na probu. Probu ya mara kumi inaongeza pikofaradi kumi na kitu upande mmoja, tena inavujisha umeme kwenye sakiti ambayo rizista yake ya ndani ni mamilioni ya omu, kwa hiyo hata iliyokuwa inatembea unaizima mwenyewe kisha unasema imekufa. Kwenye `BDCR` chagua kristali iwe chanzo cha saa ya RTC na uiwashe RTC, kisha washa biti ya `CCO` kwenye `BKP->RTCCR`, saa ya RTC inatoka pini PC13 ikiwa imegawanywa kwa 64, ukiona hezi 512 pale basi kristali iko hai na hujaigusa.

Bodi moja kati ya nne nikigusa kristali kwa kidole inaamka. Nikaisugua kwa pombe ya IPA na brashi, nikaikausha, ikapona. Ilikuwa mabaki ya flaksi yaliyonyonya unyevu yakawa yanavujisha kati ya pini. Tatu zikabaki vilevile, safi na zimekufa.

Ndipo nikapiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kununua. Ampilifaya ya ndani ya chipu ina nguvu yake, gm, na kristali inadai kiwango cha chini ili mtetemo ukue badala ya kufifia:

```
gmcrit = 4 × ESR × (2πF)² × (C0 + CL)²
```

ESR, yaani ukinzani wa ndani wa kristali, yetu ni kilo-omu 70, na C0, kapasita iliyomo ndani ya kristali yenyewe, ni 1.5 pF. Ukiweka CL 12.5 unapata kama 2.3 µA/V. Chipu inatoa 5. Kwa macho inatosha, lakini inatakiwa iwe angalau mara tano ya kiwango hicho, kwa sababu chipu hazilingani, na baridi na unyevu navyo vinakula. Sisi tulikuwa na mara mbili na kidogo, ndio maana zingine ziliamka zingine hapana. Na datashiti ya chipu imeonya waziwazi kabisa usitumie kristali ya 12.5, ila nilikuwa sijafika hiyo noti. Ile C0 na CL zimepigwa kipeo cha pili, kwa hiyo kristali ya 6 pF, ESR ileile, inadai 0.67 tu, na hapo una mara saba na nusu.

Tukabadilisha kristali, bodi zote kumi zikaamka. Sikuridhika na kuamka tu, nikaunga rizista ya kilo-omu 280 mfululizo na kristali, yaani ESR mara nne ya ziada, jumla mara tano, nikazima na kuwasha tena na tena, bado inaanza. Hiyo rizista ya jaribio unaitoa baadaye.

Kapasita sasa 2 × (6 − 3) ni 6, dukani tulipata 6.8, tukaweka. PC13 ikasoma 511.994, saa inachelewa karibu sekunde moja kwa siku. Nikatoa moja nikaweka 5.6 upande huo, ikapanda mpaka 511.999, tukaiacha hapo.