Kibao cha bei kitazame anakotokea mteja

Ndugu zangu wafanyabiashara, leo naomba tuongelee kibao cha bei peke yake, kwa sababu mauzo mengi yanapotelea hapo.

Mtu anayetembea kawaida huenda kama mita moja na kitu kwa sekunde. Meza ya mita mbili anaimaliza ndani ya sekunde mbili. Sasa angalia vibao vyetu: tunavisimamisha vikitazama ng'ambo ya njia, na mteja anatokea kushoto au kulia. Anapofika pa kukisoma, mguu umeshapita. Kigeuze kimwelekee anayekuja, nusu kona hivi. Kama watu wanatoka pande zote mbili, kunja kadibodi katikati kama paa la nyumba, uandike pande zote.

Herufi za urefu wa sentimita mbili na nusu zinasomeka vizuri kutoka hatua tatu nne. Tumia markapeni nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe au ya njano. Ukiifunika nailoni, ilaze kidogo mbele, maana jua likipiga nailoni, mteja anaona mng'ao tu.

Juzi nilikaa na dada mmoja anayeuza soksi. Aliandika: "Ofa! Jozi 3 kwa 25." Watu walisimama, wakauliza, "Moja je?", kisha wengine wakaondoka kabla hajamaliza kumhudumia mteja aliyekuwa naye. Tukaandika upya: "Jozi 1 kwa 10", na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, "Jozi 3 kwa 25". Bila bei ya moja, nafuu ya 5 haionekani. Halafu kibao kilikuwa katikati ya soksi za watoto na za wakubwa, na ofa ilikuwa ya watoto tu. Hapo ndipo ugomvi wa kwenye malipo unapoanzia. Tukakichomeka ndani ya fungu lenyewe, na mafungu mawili tukayatenga kwa upana wa kiganja.

Lakini kabla hujaandika ofa, piga hesabu. Tuseme jozi unainunua kwa 6. Ukiuza moja unapata 4. Ukiuza tatu kwa 25 unapata 7. Aliyekuja kuchukua moja akaondoka na tatu, umefaidika. Ila mteja aliyezoea kuchukua mbili alikuwa anakuachia 8, na aliyezoea kuchukua tatu, 12. Hao ofa inakupunguzia. Kwa hiyo andika kwa siku chache kila mteja anachukua ngapi. Wengi wakichukua moja, weka ofa. Wengi wakichukua mbili tayari, usiiweke, au ianzie nne.

Ukishapanga, mwombe mtu asiyeijua meza yako apite bila kusimama, kisha akwambie unauza nini na kwa bei gani. Akisitasita, usimweleze. Rekebisha kibao, apite tena.