Chora njia kwanza: joto la mmenyuko kwenye nyuzi ambazo jedwali halikupimia

Ndugu zangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili na nitalisema tena leo, kwa sababu bado naletewa hesabu zenye kosa lilelile. Jedwali linakupa enthalpia ya mmenyuko kwenye kelvini 298. Mtambo wako unafanya kazi kwenye kelvini 700. Mtu anakimbilia fomula, anatoa hiki kutoka kwa kile, anapata namba, anaipigia mstari. Ukimwuliza kwa nini alama ni hasi na si chanya, anakujibu kwamba ndivyo fomula inavyosema. Hapo ndipo tunapogombana.

Tuchukue amonia, maana ndiyo inayoonyesha jambo hili wazi kuliko nyingine. Moli moja ya nitrojeni na moli tatu za haidrojeni zinatoa moli mbili za amonia. Kwenye kelvini 298 mmenyuko huu unatoa kilojuli 91.8, kwa hiyo tunaandika ΔH = −91.8. Lakini hakuna anayetengeneza amonia kwenye joto la chumbani, kwa sababu mmenyuko ungekwenda polepole mno hata kichocheo kisingeufaa. Mitambo hufanya kazi kati ya nyuzi 400 na 500 za selsiasi, basi tuseme kelvini 700. Joto linalotoka huko ni kiasi gani?

Zamani kidogo watu wawili waliniletea hesabu hii wakiwa wamekwisha kubishana. Mmoja alikuwa na −109.5, mwingine −74.1. Data zao ni zilezile, kikokotoo kilekile, na wote wawili walikuwa na uhakika. Walibishana kuhusu fomula: je, ni mazao kutoa malighafi au malighafi kutoa mazao? Mmoja aliikumbuka hivi, mwenzake vile, na kila mmoja akiapa kwamba ndivyo alivyofundishwa. Hakuna kati yao aliyekuwa amechora chochote. Nikawapa karatasi tupu nikawaambia: fomula iwekeni kando, nionyesheni njia.

Njia ni hii. Unataka kutoka kona moja, yaani nitrojeni na haidrojeni kwenye kelvini 700, kwenda kona nyingine, amonia kwenye kelvini 700. Barabara ya moja kwa moja huna takwimu zake. Lakini enthalpia haijali umepitia wapi. Inajali ulipoanzia na ulipoishia tu. Basi zunguka. Poza malighafi mpaka kelvini 298. Ziache zimenyuke hapo, ambapo jedwali linakujua. Kisha pasha moto amonia uliyoipata mpaka irudi kelvini 700. Hatua tatu, kila moja ina namba.

Hatua ya kwanza ni kupoza. Kila kitu kina uwezo wake wa kubeba joto, yaani juli ngapi zinahitajika kupandisha moli moja kwa kelvini moja huku mgandamizo ukibaki uleule. Kwa nitrojeni ni 29.1, kwa haidrojeni 28.8. Moli moja ya nitrojeni na tatu za haidrojeni: 29.1 jumlisha 86.4, tunapata 115.5. Tunashuka kelvini 402. Zidisha, zinatoka kilojuli 46.4. Zinatoka, kwa hiyo −46.4.

Hatua ya pili mnaijua: −91.8.

Hatua ya tatu ni kupasha moto moli mbili za amonia. Moli moja inabeba juli 35.7 kwa kila kelvini, mbili ni 71.4. Mara 402, zinaingia kilojuli 28.7. Zinaingia, kwa hiyo +28.7.

Jumlisha: −46.4, −91.8, +28.7. Jibu ni −109.5.

Sasa angalieni kilichotokea. Hatukukumbuka chochote, alama zimejileta zenyewe. Malighafi ni moli nne za gesi, mazao ni moli mbili. Moli nne zinapopoa zinatoa joto jingi kuliko linalohitajika kupasha mbili. Ziada hiyo lazima ionekane kama joto la mmenyuko, kwa hiyo kwenye kelvini 700 mmenyuko lazima utoe joto zaidi kuliko kwenye 298. Aliyepata −74.1 angeona kosa lake kabla hajagusa kikokotoo, kwa kuhesabu moli tu. Na kosa hilo si la karatasini peke yake. Ukipanga upozaji wa kitanda cha kichocheo kwa kilojuli 74 wakati joto halisi linazidi 100, kitanda kitapanda joto kuliko ulivyotaka, na amonia yenyewe huanza kurudi kuwa nitrojeni na haidrojeni kadiri joto linavyopanda.

Ukitaka kuandika kwa ufupi, andika:

ΔH(T₂) = ΔH(T₁) + ΔCp × (T₂ − T₁)

ambapo T ni halijoto, Cp ni ule uwezo wa kubeba joto, na ΔCp ni Cp ya mazao kutoa ya malighafi, yaani 71.4 − 115.5 = −44.1. Ni njia ileile imekunjwa. Gustav Kirchhoff aliieleza mwaka 1858, yuleyule wa sheria za saketi za umeme. Itumieni, siwakatazi. Ila muijue ni njia gani imekunjwa ndani yake. Na tafadhali: ΔCp iko kwenye juli, ΔH iko kwenye kilojuli. Anayejumlisha −17,728 na −91.8 bila kugawa kwa 1,000 hajaangalia anachokiandika.

Kuna atakayesema: "Lakini mwalimu, ndani ya mtambo gesi nyingi inapita bila kumenyuka, na kuna agoni humo, mbona hujazihesabu?" Swali zuri, na jibu linatoka kwenye mchoro uleule. Agoni inapoa kutoka 700 hadi 298 ikitoa joto fulani, kisha inapanda kutoka 298 hadi 700 ikichukua joto lilelile. Imejifuta. Nitrojeni iliyobaki nayo ni hivyohivyo. ΔH ni ya mmenyuko uliofanyika, si ya kila kilichokuwa bombani. Ila mkiniuliza gesi itatoka na nyuzi ngapi ikiwa imeingia na nyuzi fulani, hilo ni swali jingine, na humo agoni inahesabika, kwa sababu haianzii na kuishia kwenye joto moja. Watu huyachanganya maswali haya mawili, halafu husema njia imewadanganya.

Sasa turudi kwa yule aliyepata −109.5, maana naye alidhani ameshinda. Nilimfungulia jedwali lenye thamani za kelvini 700 zilizokwisha kokotolewa kwa makini. Lilisema karibu −105. Jibu lake limepita kiasi kwa kilojuli zaidi ya nne. Njia yake ni sahihi, alama zake ni sahihi, kuzidisha kwake ni sahihi. Kosa liko wapi?

Liko kwenye neno ambalo hakulisema: kwamba uwezo wa kubeba joto haubadiliki. Alichukua namba za kelvini 298 akazitembeza mpaka 700 kana kwamba ni zilezile. Tuziangalie kwenye 700. Nitrojeni imetoka 29.1 ikafika 30.8. Haidrojeni imetoka 28.8 ikafika 29.4. Karibu hazijasogea. Amonia imetoka 35.7 ikafika 48.4!

Kwa nini amonia peke yake? Nitrojeni ni atomi mbili zilizofungwa kwa kifungo kigumu sana, na haidrojeni vivyo hivyo. Kwenye joto hilo molekuli zinaruka na kuzunguka, lakini kifungo chenyewe bado hakijaanza kutetema kiasi cha kubeba joto la maana. Amonia ni tofauti. Atomi yake ya nitrojeni imekaa juu ya haidrojeni tatu kama ncha ya mwavuli, na mwavuli huo hufunguka na kujikunja kwa urahisi. Joto likipanda, mtetemo huo unaamka, na mingine nyuma yake, na kila unaoamka unakuwa mahali papya pa kuwekea joto. Ndiyo maana kupasha amonia kunazidi kuwa na gharama kadiri unavyopanda.

Kwa hiyo kokotoa ΔCp upya kwenye 700. Mazao: 96.8. Malighafi: 30.8 jumlisha 88.2, ni 119.0. Tofauti ni −22.2. Ilikuwa −44.1! Imepungua nusu njiani. Chukua wastani wa ncha mbili, kama −33.2, zidisha kwa 402, gawa kwa 1,000, unapata −13.3. Jumlisha na −91.8: −105.1. Tumefika kwenye jedwali kwa kuchukua namba mbili badala ya moja.

Hiki ndicho kipimo ninachowaomba mkishike. Kabla ya kuamini jibu, kokotoa ΔCp kwenye ncha zote mbili. Zikikaribiana, namba moja inatosha, nenda zako. Zikiachana kama hapa, tumia wastani. Wastani nao unafaa pale ΔCp inapobadilika kwa mstari ulionyooka au karibu na hapo. Ukienda mbali, tuseme mpaka kelvini 1,500, tumia fomula ya Cp yenye T ndani yake na ufanye integrali. Na humo T ni kelvini, si selsiasi. Kwenye tofauti ya halijoto hakuna madhara, ndani ya fomula hiyo yapo.

Muda unanikimbia, na bado sijagusa maji. Nitayapitia haraka. Haidrojeni na nusu moli ya oksijeni zikitoa maji ya kimiminika, ΔH kwenye 298 ni −285.8, na ΔCp ni +31.8, kwa sababu maji ya kimiminika yanabeba joto jingi, 75.3. Yakitoka kama mvuke, ΔH ni −241.8 na ΔCp ni −9.9. Mmenyuko uleule, alama ya ΔCp imegeuka. Kwa hiyo huwezi kuanza na kimiminika ukapanda moja kwa moja kupita nyuzi 100 za selsiasi. Panda mpaka hapo kwanza: −285.8 jumlisha 2.4, ni −283.4. Simama. Lipa kilojuli 40.7 za kugeuza maji kuwa mvuke: −242.7. Kuanzia hapo tumia Cp ya mvuke. Ukitaka kujikagua, anza na mvuke tangu 298: −241.8 kutoa 0.7, ni −242.5. Njia mbili zinakutana kwa tofauti ya 0.2, na tofauti hiyo inatokana hasa na kwamba zile 40.7 ni za mvuke halisi, wakati −241.8 ni ya mvuke unaohesabiwa kuwa gesi bora. Zikiachana kwa kilojuli 40, umeruka mahali maji yanapochemka.

La mwisho kabla hamjainuka: namba za gesi nilizowapa, ukiacha zile 40.7 za kuchemsha maji, ni za gesi inayohesabiwa kuwa bora, kwenye mgandamizo wa bar 1. Mtambo wa amonia uko kwenye bar 100 na zaidi, na hapo molekuli zimeanza kusukumana na kuvutana. Sahihisho la mgandamizo ni upande mwingine wa mchoro, unafanywa baada ya hili la halijoto, na haliondoi hata hatua moja kati ya zile tatu.