Aya Kwanza, Kichwa Baadaye

Nimelisema hili darasani mpaka wengine mnaniigiza, nalisema tena: usianze na kichwa cha habari. Anza na aya ya kwanza. Kichwa kitatoka humo.

Niliwahi kuwapa wanafunzi habari ndefu ya marathoni ya Chicago, Oktoba 8, 2023. Mmoja akaniletea: “Mbio za marathoni za Chicago zilizofanyika jana Jumapili nchini Marekani zimeshuhudia wanariadha kutoka mataifa mbalimbali wakichuana vikali.” Maneno 17, na Kiptum, mshindi mwenyewe, hayumo! Wanariadha wasichuane, wafanye nini, walikwenda harusini?

Tafuta kitenzi. Nani kafanya nini ambacho jana asubuhi hakikuwepo? “Kelvin Kiptum wa Kenya jana alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akipunguza sekunde 34 katika rekodi ya dunia ya Mkenya mwenzake Eliud Kipchoge.” Basi. Hali ya hewa, zawadi, salamu za viongozi, vyote vinasubiri chini.

Sasa kichwa. Lugha yetu imetupa ile -a- inayobana: alivunja inakuwa avunja. Kijana akaandika: “Kiptum avunja rekodi ya Kipchoge Chicago.” Kizuri, kifupi, na kinapotosha. Kipchoge aliweka rekodi ile Berlin, mwaka 2022. Ukishaondoa viunganishi, maneno yaliyobaki hushikana na jirani yoyote. Sogeza mahali mbele: “Chicago: Kiptum avunja rekodi ya Kipchoge.”

Mwingine alitaka kunogesha: “Kiptum, binadamu wa kwanza kukaribia saa 2.” Najua kuna wanaonyoosha mkono huko nyuma: Mwalimu, Kipchoge si alikimbia 1:59:40 Vienna mwaka 2019? Ndiyo, alikimbia. Haikuhesabiwa rekodi, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji wake walikuwa wakipokezana njiani. Ndiyo maana neno “rekodi” halikatiki hapa. Kata “jana,” kata “Mkenya mwenzake,” hata “marathoni” ukibanwa sana, lakini ukiondoa “rekodi” umeandika uongo. Kila habari ina neno la namna hiyo. Kabla hujashika mkasi, lizungushie duara.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Kionjo, basi, kwa haraka: ule mstari mfupi wa kumvuta msomaji aifungue habari. Kionjo hakirudii kichwa. Kinachukua jambo moja la kweli lililozama aya ya nane au ya tisa: “Ilikuwa marathoni yake ya tatu tu, ya kwanza aliikimbia Desemba iliyopita.” Mtanipinga kwamba “Hutaamini alichofanya kijana huyu” kinavuta zaidi. Kinavuta, ndiyo, lakini kinafaa kubandikwa juu ya habari ya mbuzi aliyepanda paa. Kionjo kinachoweza kuhamia habari nyingine bila kubadilishwa neno, kifute.

Nilikuwa na ya kusema kuhusu alama ya kuuliza kwenye vichwa. Mwenyekiti amesimama, nakaa.